Swali Nililomjibia Binti Yangu

Kwenye fremu ya mlango wa jikoni, nyumbani kwetu nje kidogo ya mji wa Nyeri, kuna mistari ya penseli niliyochora mwenyewe. Kila mstari una tarehe. Mimi ni saveya. Nimepima mashamba ya watu kutoka huku kwetu mpaka Sagana na kuteremka hadi Kenol, na siwezi kuona kitu kimesimama bila kutaka kujua kimo chake. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, nilianza kumpima siku alipoweza kusimama bila kushikwa. Visigino kwenye mbao, kitabu kichwani, mstari. Kwa miaka mingi hakuna kitu kilichonifurahisha kama mstari mpya uliopanda juu ya ule wa zamani. Siku hizi nikipita hapo hutazama pembeni.

Aliyeona kwanza ni mke wangu. Binti alikuwa na miaka kumi na miwili, ameinama juu ya beseni uani, amevaa fulana nyembamba iliyolowa, mama yake akimsuuza nywele. Nikasikia naitwa kwa sauti ambayo mke wangu huitumia akiona nyoka.

"Kuja uone hii kitu."

Nikaenda. Upande wa kulia wa mgongo, chini ya bega, mbavu zilikuwa zimeinuka kuliko za kushoto, kana kwamba mtu ameweka sahani chini ya ngozi. Binti akauliza kuna nini, mama yake akamwambia ainuke. Alipoinuka, sahani ikapotea. Kilichobaki ni bega moja juu kidogo ya lingine, na hilo nilikuwa nimeliona muda mrefu nikidhani ni madaha ya wasichana. Jirani alituambia ni begi la shule. Nikapanda hasira, nikaenda shuleni kumfokea mwalimu mkuu kuhusu uzito wa vitabu. Maskini yule mama alinisikiliza mpaka nikamaliza. Leo najua begi halikuhusika hata kidogo.

Kuna daktari wa mifupa aliyekuwa akija mjini siku moja kwa wiki, katika kliniki fulani ya binafsi. Mke wangu ni mwalimu, na wiki ile alikuwa akisimamia mitihani, kwa hiyo nilimpeleka mimi. Natamani ningengoja mitihani iishe.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimwambia binti ainame mikono ikining'inia, akamtazama kutoka nyuma, akatutuma kupiga picha ya eksirei. Tuliporudi, aliibandika picha kwenye kisanduku chenye taa na kuchukua penseli na kipimapembe. Hapo moyo wangu ukatulia, maana niliona vyombo vyangu.

"Mzazi, tazama," akasema. Alitafuta pingili ya uti wa mgongo iliyoinama zaidi upande wa juu wa pindo, akachora mstari kwenye ukingo wake wa juu. Akatafuta iliyoinama zaidi upande wa chini, akachora kwenye ukingo wake wa chini. Kisha akasoma pembe ya mistari hiyo miwili inapokutana. "Ishirini na nane. Kuanzia digrii kumi tunaiita skoliosisi, mgongo kupinda. Na usishangae mtu mwingine akipata ishirini na sita ama thelathini kwa picha hiyo hiyo. Chini ya digrii tano, siwezi kukuambia imesonga."

Nilimpenda hapo hapo. Mtu anayekuambia kosa la kipimo chake kabla hujamuuliza ni mtu wa kazi.

Kisha akasema jambo ambalo nililisikia bila kulisikia. Pembe peke yake haitoshi. Kinachotisha ni pembe pamoja na urefu ambao mtoto bado hajaumaliza. Mgongo uliopinda huzidi kupinda mtoto anapokua kwa kasi, na ukuaji ukiisha hatari hupungua sana kwa pindo dogo kama lile. Kwenye picha, ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga huota kitu kama kofia, na kofia hiyo humwonyesha daktari mtoto amefika wapi. Lakini waliopiga picha yetu walikuwa wameikata juu ya nyonga. Kofia haikuonekana.

"Basi niulize," akasema, macho kwenye karatasi. "Ameanza kuona mwezi? Na kama ameanza, ni lini?"

Kwetu baba haulizwi hivyo, na binti haulizwi hivyo mbele ya baba yake. Daktari alijua, ndiyo maana aliitazama karatasi. Nikahisi masikio yanawaka. Binti yangu alikuwa amekaa pembeni yangu, mikono katikati ya magoti, akitazama sakafu. Nilichotaka ni swali lile liondoke chumbani haraka. Na nilidhani ninalo jibu, kwa sababu mwaka uliotangulia, nikitafuta dayari ya shule niitie sahihi, nilikuta pakiti ya sodo ndani ya begi lake. Niliirudisha kama mtu aliyeshika makaa.

"Ameanza," nikasema. "Mwaka mmoja na nusu sasa. Au zaidi."

Binti aliinua uso, akanitazama, akauinamisha tena. Niliona. Niliuona uso ule nikauhesabu kuwa ni aibu.

"Basi amebakisha kidogo tu," daktari akasema, akaandika. "Tutangoja. Rudini baada ya miezi sita na picha mpya, na safari hii waambieni waonyeshe nyonga."

Nilirudi nyumbani na neno moja tu: tungoje. Ndilo nililomwambia mke wangu, naye akashukuru Mungu. Miezi sita ikafika ikapita. Nilikuwa na kazi ya kugawa shamba la ndugu saba upande wa Murang'a, na ndugu saba hawagawanyiki kwa siku moja. Halafu hatari si ndogo? Daktari mwenyewe alisema.

Katika mwezi wa nane wa kungoja, Jumapili baada ya kanisa, nilimsimamisha binti kwenye fremu. Nikachora, nikapima, nikarudia kupima kwa raha. Sentimita sita tangu siku za kliniki. Alikuwa amempita mama yake. Nikaingia jikoni nikijigamba.

"Tena daktari alisema amebakisha kidogo tu kukua," nikasema nikicheka. "Hajui damu yetu."

Mke wangu alikuwa akimenya viazi. "Alijuaje amebakisha kidogo?"

Nikamweleza, nusu kwa mafumbo, lile swali na nilivyojibu. Kisu kikasimama.

"Wewe uliambia daktari mwaka na nusu?"

"Niliona pakiti kwa begi yake."

"Hiyo pakiti walipewa shule! Wasichana wote, darasa mzima, hata wale hawajaanza. Huyu mtoto ameanza juzi. Mwezi uliopita. Mimi ndio nilimwonyesha."

Sijui kama nimewahi kuogopa namna ile. Nimewahi kufukuzwa kwa panga na mtu aliyedai nimesogeza jiwe la mpaka, na hofu ile ilikuwa ya miguu, nikakimbia ikaisha. Hii ilikaa. Nilisimama jikoni nikitazama mstari mbichi kwenye fremu, ule niliokuwa nikijigamba nao, nikaelewa kwamba sentimita sita zile zilikuwa miezi minane ya mgongo kukua ukiwa umepinda, na mimi ndiye niliyewaambia watu wasiuangalie.

Picha mpya ilipigwa Jumatano. Daktari alikuwa anakuja Ijumaa. Nyonga ilionekana safari hii; nilisimama mlangoni mwa chumba cha picha mpaka mhudumu akaniuliza kama nataka kazi yake. Lakini kungoja mpaka Ijumaa sikuweza. Alhamisi nilibandika picha zote mbili kwenye kioo cha dirisha la sebuleni, mwanga ukapita, nikachukua kipimapembe changu. Kwenye ile ya zamani mistari ya penseli ya daktari bado ilikuwepo. Nikahesabu pingili zile zile, nikachora mistari yangu kwenye picha mpya. Thelathini na tatu. Nikapima tena. Thelathini na tatu.

"Digrii tano tu," nikamwambia mke wangu. "Karibu na kosa la kipimo." Binti alikuwa amesimama nyuma yetu amevaa sare ya shule, akitazama mifupa yake mwenyewe dirishani. Akauliza, "Kwa hivyo niko sawa?" Nikamwambia yuko sawa. Mara ya pili hiyo namjibia.

Ijumaa daktari aliibandika picha kwenye taa, akafuta mstari wangu wa chini kwa kidole.

"Nani alichora hii?"

"Mimi."

"Umechagua pingili ya zamani. Pindo limeongezeka kwa chini. Sasa iliyoinama zaidi ni hii." Akachora kwenye pingili iliyofuata. Akasoma. "Thelathini na tisa."

Mimi ndiye ninayewaambia wateja kila siku kwamba hakuna kuchagua jiwe la mpaka linalokupendeza. Na nilikuwa nimechagua. Ile pingili ya chini niliiona nikiwa dirishani, niliona imeinama, nikajiambia si yenyewe.

Daktari akaelekeza penseli kwenye nyonga. Kofia ya mfupa ilikuwa uzi mwembamba tu, kwenye pembe ya nje. "Hii imeanza sasa hivi," akasema, akafungua faili, akakunja uso. "Lakini hapa imeandikwa..."

"Nilikosea," nikasema. "Mimi ndio nilijibu, na sikuwa najua. Ameanza mwezi uliopita tu."

Hakunifokea, na ningependelea anifokee. Aliweka penseli chini. Akamgeukia binti, na kwa mara ya kwanza tangu tuanze kwenda pale akaongea naye kana kwamba mimi sipo. "Ni kweli?" Binti akatikisa kichwa kukubali. "Pole. Ningekuuliza wewe. Na ile picha ningeirudisha irudiwe. Hiyo ni juu yangu."

"Ungejua siku ile," nikauliza, "ungefanya nini?"

"Ningempatia brace, koti gumu la kuushika mgongo, siku hiyo hiyo."

"Na ingezuia?"

"Labda. Wengine wanavaa vizuri na bado pindo linapanda. Siwezi kukuapia."

Neno hilo, labda, nimelibeba mpaka leo. Angesema ndiyo ningejua uzito wa kosa langu, angesema hapana ningelala.

Basi nikataka upasuaji. Nasema ukweli: hofu ilitaka kitu cha kumaliza yote, hata kama ni kisu. Daktari akanieleza taratibu. Upasuaji ni vyuma na skrubu kwenye pingili, mifupa ile igande iwe mfupa mmoja, na sehemu iliyogandishwa haikunjiki tena maisha yote. Neva ziko pale pale. Madhara ni nadra, lakini yapo. Kwa kawaida huzungumzia kisu pindo likikaribia hamsini, maana likipita hapo huendelea kupinda polepole hata baada ya mtu kumaliza kukua. Thelathini na tisa kwa mtoto ambaye bado ana kimo cha kuongeza ni ukingoni kabisa mwa brace, lakini bado ni upande wa brace. Haitaunyoosha mgongo. Kazi yake ni kuushikilia mpaka mifupa ikomae.

"Na asipovaa?" mke wangu akauliza.

"Nikimwangalia umri na hii nyonga, nina hofu litafika huko hamsini." Akamtazama tena binti. "Ni masaa kumi na nane kwa siku, ukiweza ishirini. Kadiri unavyovaa ndivyo inavyosaidia. Utaweza?"

Nilifungua mdomo. Mke wangu akanikanyaga mguu.

"Nitajaribu," binti akasema.

Fundi wa brace alimfunga bandeji za plasta kiwiliwili kizima, akazikata zilipokauka, na kutoka kwenye umbo lile akatengeneza koti la plastiki nyeupe ngumu, toka kwapani hadi nyongani, lenye mikanda mgongoni. Ndani, upande wa kulia palipoinuka mbavu, kulikuwa na pedi ya kusukuma. Upande wa pili alikuwa ameacha nafasi mwili upate pa kusogea. Binti aliligonga kwa kidole likalia. "Ni jerikeni," akasema. Tangu siku hiyo nyumbani kwetu likaitwa jerikeni. Picha iliyopigwa akiwa amelivaa ilisoma ishirini na nne, nikafurahi mpaka fundi akanirudisha chini: hiyo ni kwa sababu limemshika. Akilivua, mgongo unarudi.

Wiki za kwanza ngozi ilimwiva wekundu, na mama yake akawa anakagua kila jioni fulana ya pamba ya ndani isije ikajikunja. Shuleni walikuwa wakimgonga tumboni wakisema hodi. Nilitaka kurudi kwa mwalimu mkuu. "Acha tu, baba," binti akaniambia. "Mimi huwajibu hakuna mtu." Alicheka, lakini alikuwa anatazama pembeni, na mimi nikaenda kukaa peke yangu ndani ya gari.

Kila baada ya miezi sita, sasa bila kuchelewa hata siku moja, picha. Arobaini. Kisha arobaini na mbili, mara mbili mfululizo. Dirishani sikubandika tena. Siku mbili za kungoja daktari nilikuwa mtu wa bure, nasoma namba za shamba la mtu na kuziandika za shamba lingine. Na kwenye fremu nilikuwa nikimpima kila mwezi, kwa sababu mpya. Mstari ukipanda, naogopa. Akipanda sentimita moja nasikia digrii ndani yake. Nilijikuta nikimwomba Mungu mtoto wangu asikue, jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Mara ya mwisho tulienda karibu miaka miwili tangu jerikeni. Yeye alikuwa na miaka kumi na mitano. Mke wangu alikuwa kazini tena, mitihani tena, na tukakaa kwenye viti vile vile. Daktari alibandika picha, akafungua faili. Kabla hajachukua penseli akamuuliza binti, "Kwa siku umekuwa ukivaa masaa mangapi?"

"Ishirini," nikasema.

Lilitoka lenyewe. Nilikuwa nimeandika ishirini kwenye daftari la nyumbani kila siku, kwa wino. Binti alinitazama. Uso ulikuwa ule ule wa siku ya kwanza, ule nilioudhani ni aibu, na nikaona haukuwahi kuwa aibu. Alikuwa mtoto anayejua jibu na anayengoja baba yake anyamaze.

Nikasimama. "Niko hapo nje," nikasema.

Kwenye ukumbi kulikuwa na benchi na mama mmoja aliyembeba mtoto mwenye plasta mguuni. Sikuweza kukaa. Nilihesabu: hamsini, tumeshindwa. Arobaini na nane, kisu pia, labda. Kama hakuwa akivaa ishirini, alikuwa akivaa ngapi, na kwa nini sikujua? Mlango ulikuwa mwembamba lakini hakuna neno nililosikia, sauti mbili tu, na moja ilikuwa yake, ndefu, ikieleza.

Alitoka na picha kwapani. Akanipa niibebe.

"Arobaini na tatu," akasema. "Amesema hiyo na arobaini na mbili ni kitu moja."

"Na upasuaji?"

"Hapana. Ile kofia karibu ifunge. Naanza kuacha jerikeni pole pole, halafu ananiangalia hata nikiacha. Ati ikianza kusonga tena tutaongea mambo ya kisu, na ataniuliza mimi."

Nilishika ukuta. Mama wa plasta akanisogezea benchi kwa mguu.

"Na yale masaa?" nikauliza.

"Nilimwambia kumi na saba. Nilikuwa natoa saa ya michezo, na jua ikiwa kali." Akafunga sweta. "Akaniuliza pia nilianza lini, aandike poa. Nikamwambia mpaka tarehe."

Tulipofika nyumbani alivua viatu bila kuambiwa, akasimama kwenye fremu, visigino kwenye mbao. Nikaweka kitabu kichwani. Penseli iliangukia juu ya mstari wa mwezi uliopita, ambao nao ulikuwa umeangukia juu ya ule wa mwezi uliotangulia. Nikapima mara mbili. Kisha nikaandika tarehe ya tatu kwenye mstari ule ule, nikiibana pembeni mwa zile mbili, naye akaniambia niandike vizuri, haisomeki.